Kutoka Tufe Hadi Zimwi: Lini Uweke Magamba

Mpe mwanafunzi wa uchongaji wa kompyuta tufe tupu, umwambie achonge zimwi, na mara nyingi utamkuta anachora magamba kabla hajaamua taya litakaa wapi. Namwelewa. Magamba yanapendeza upesi na kuifanya kazi ionekane imeiva, ilhali taya linachosha akili. Tatizo ni kwamba magamba yakishakaa juu ya fuvu ambalo halijatulia, yanamfunga mikono mchongaji. Kila akitaka kusogeza jicho au kurefusha pua, inambidi aharibu kitu kizuri, na hakuna apendaye kufanya hivyo. Jicho linabaki pale pale lilipokosewa, limezungukwa na magamba ya kuvutia.

Kuna mpangilio wa kazi unaomwepusha mtu na mtego huo. Kazi inaanza na tufe, inakuzwa kwa njia ya vokseli hadi umbo litulie, kisha inahamishiwa kwenye ngazi za undani ambazo mtu anaweza kuzipanda na kuzishuka. Mbinu zenyewe si ngumu kujifunza. Kigumu ni kujua saa ya kutoka hatua moja kwenda nyingine, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Nitatumia Blender, programu ya bure ambayo vijana wengi wanayo kwenye kompyuta zao za mkononi. Tutachonga kichwa cha zimwi mwenye asili ya kinyonga wa pembe tatu, yule wa nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru upande wa Tanzania. Nimemchagua kwa sababu kichwa chake kina kila aina ya mtihani. Dume lake lina pembe moja puani na mbili mbele ya macho. Kisogo kimeinuka kuwa ukingo wa mfupa. Kope zimeungana hadi jicho lote likawa mnara wenye tundu dogo kileleni. Na ngozi yake imejaa chembe za magamba, makubwa kwa madogo, ambazo zitakushawishi kutoka dakika ya kwanza.

Tufe la Blender, lile liitwalo UV Sphere, lina kipenyo cha mita 2 za ndani ya programu na limeundwa kwa vipande bapa 512 vilivyoshonwa pamoja. Mshono huo wa vipande ndio tunaouita wavu. Udongo wa mfinyanzi una mwili hadi ndani. Wavu hauna, ni ngozi tupu. Ukiivuta ngozi hiyo mahali pamoja ili kutoa pua, vipande vya pale vinanyooka na kuwa vyembamba, na pua inakuwa na vipande vilevile vichache vilivyokuwepo kabla. Brashi ikipita hapo haina cha kushika. Juu na chini ya tufe hali ni mbaya zaidi, maana vipande 32 vya pembetatu vinakutana kwenye nukta moja, na kila ukigusa hapo panakunjamana.

Dawa yake ni kuufuma wavu upya, na hapo ndipo vokseli zinapoingia. Vokseli ni kijisanduku cha mraba chenye urefu, upana na kina sawa. Ukiamuru wavu ufumwe upya, kompyuta inaujaza mfano wako kwa vijisanduku hivyo, inaangalia vipi viko ndani na vipi viko nje, kisha inatandika ngozi mpya mpakani, yenye vipande vinavyokaribiana ukubwa kila mahali. Ngozi ya zamani inatupwa. Maktaba inayofanya hesabu hiyo inaitwa OpenVDB. Ilitengenezwa DreamWorks Animation kwa ajili ya moshi na mawingu ya filamu, ikatolewa kwa umma mwaka 2012. Ndani ya Blender iliingizwa kwa ajili ya wachongaji katika toleo la 2.81, mwishoni mwa 2019, kwa kazi ya Pablo Dobarro.

Ukiwa kwenye hali ya Sculpt Mode, herufi R inakuonyesha mraba wenye gridi juu ya mfano, ukisogeza kipanya gridi inakuwa pana au nyembamba, na hapo unachagua ukubwa wa vokseli. Katika matoleo ya zamani kidogo ni Shift pamoja na R. Kisha Ctrl na R ndiyo amri ya kufuma. Ukubwa unaoukuta tayari ni mita 0.1, na tufe letu likifumwa kwa kipimo hicho linatoka na vipande kama 1,900. Ukipunguza vokseli nusu, ikawa 0.05, vipande havizidi mara mbili bali mara nne, vinafika kama 7,500. Hii ni hesabu ya kuiweka kichwani, kwa kuwa ndiyo inayowaua wenye kompyuta ndogo. Mtu akiandika 0.001 kwa kuteleza, anaiomba mashine vipande karibu milioni 19, na kinachofuata ni skrini iliyoganda.

Kabla ya yote, hakikisha vipimo vya mfano ni vya kweli. Ukiwa umelikuza au kulinyoosha tufe kwenye Object Mode, bonyeza Ctrl A kisha uchague Scale. Usipofanya hivyo, programu inapima vokseli kwa vipimo vya zamani, na 0.1 unayoiandika haiwi 0.1 unayoiona. Dalili yake ni kwamba vipande vinatoka virefu upande mmoja, au vingi mno kuliko ulivyotarajia.

Sasa kazi yenyewe. Washa ulinganifu wa upande wa X, ili shavu la kushoto lifuate la kulia. Fuma tufe kwa 0.1 na ubaki hapo. Chukua brashi ya Grab, uikuze hadi ifikie karibu nusu ya kichwa, kisha vuta mbele kwa ajili ya pua na taya, sukuma mashavu ndani, inua kisogo kipande hadi kiwe ukingo. Kila ngozi inaponyooka mahali, Ctrl R, inarudi kuwa sawa, unaendelea. Utafuma mara nyingi na hakuna hasara, kwa sababu hakuna undani wa kupoteza. Kwa vipande 2,000 huwezi kuchora gamba hata ukitaka, na huo ndio uzuri wa hatua hii. Wavu mchache unakulazimisha uamue mambo makubwa: fuvu lina urefu gani ukilinganisha na taya, jicho limekaa mbele au pembeni, shingo inaingia wapi.

Minara ya macho nisingeivuta kutoka kwenye kichwa. Ni rahisi zaidi kuongeza tufe dogo pembeni, kulichongoa kidogo, kuliingiza nusu ndani ya shavu, na kuliacha kama kitu cha peke yake. Pembe ni vivyo hivyo: koni tatu zilizopindwa, kila moja ikiwa kitu chake. Faida yake ni kwamba unaweza kusogeza jicho zima kwa mkono mmoja bila kugusa shavu, na katika hatua hii utalisogeza sana. Mahali pakitulia, unachagua macho na kichwa, unaviunganisha kwa Ctrl J, unafuma tena. Kwa kuwa vijisanduku vinauliza tu kipi kiko ndani na kipi nje, kuta zilizokuwa zimezama ndani ya shavu zinatoweka na jicho linaota kutoka kwenye ngozi kana kwamba lilizaliwa hapo. Mshono unaobaki unalainishwa kwa Shift na kupitisha brashi polepole.

Uwezo huohuo wa kuunganisha ndio pia unaoharibu. Vokseli haiwezi kuona kitu chembamba kuliko yenyewe. Ncha ya pembe yenye unene wa 0.03 ukiifuma kwa 0.05 inakatika au inabaki kisiki, na kila ukifuma kisiki kinapungua. Midomo iliyokaribiana kuliko ukubwa wa vokseli inagandana ikawa mdomo uliozibwa. Vidole ni hivyohivyo kwa anayechonga mwili mzima. Ndiyo sababu pembe za zimwi wetu sitaziunganisha na kichwa kabisa. Zitabaki vitu vya peke yake hadi mwisho, na shina la kila moja litafunikwa na mkunjo wa ngozi. Mdomo nao nauacha wazi kidogo, upana wa vokseli tatu au nne, nitaufunga baadaye kwenye hatua ambayo haifumi.

Hadi hapa hakuna aliyebishana na mwenzake. Mabishano huanza mtu anapouliza: lini nipunguze vokseli?

Jibu langu linatokana na maswali mawili, na linahitaji yote mawili. La kwanza: je, kuna kosa ninaloweza kuliona bila undani wowote? Kwenye mipangilio ya mwonekano, badilisha mwanga uwe Flat na rangi iwe moja, nyeusi. Zimwi anabaki kivuli. Mzungushe, mtazame kwa upande, kwa robo tatu, kutoka chini ya kidevu. Mrudishe nyuma hadi awe na ukubwa wa ukucha. Kivuli kikishindwa kukuambia kwamba huyu ni kiumbe mwenye ukingo kisogoni na macho ya mnara, hakuna gamba litakalokuja kumwokoa, na vokseli isiguswe. Ukirudisha mwanga wa kawaida, zima pia Cavity kama umeiwasha. Inakolezea kingo na mabonde hadi kichwa kilichofinyangwa nusu kionekane kimekamilika, na wengi wanadanganyika nayo.

Swali la pili: je, kuna umbo nililokwisha kuliamua ambalo wavu unakataa kulishika? Tuseme unataka ukingo wa kisogo uwe mkali kama mgongo wa kisu. Unapitisha Crease mara mbili, mara tatu, na badala ya ukali unapata meno ya msumeno, vipande vikionekana kimoja kimoja. Hiyo ni dalili ya kweli. Wavu umefika mwisho wake, na umbo linadai zaidi. Tofauti yake na tamaa ni ndogo lakini unaweza kuihisi: kwenye tamaa hujui unachotaka kuchora, unataka tu uso usiwe mtupu.

Jibu la swali la kwanza likiwa hakuna kosa, na la pili likiwa ndiyo, punguza vokseli. Usiruke mbali. Kwa kichwa hiki nilishuka kutoka 0.1 hadi 0.05, kisha 0.025, na kila kituo kilikuwa na kazi yake. Kwenye 0.05, kichwa kikiwa na vipande kama 8,000, niliweka bapa za fuvu: paji, mfupa wa shavu, kona ya taya. Clay Strips ndiyo brashi ya kazi hiyo, inaongeza nyama kwa mistari bapa, na Scrape inakwangua palipovimba. Kwenye 0.025, vipande vikiwa zaidi ya 30,000, yalikuja makunjo makubwa: pete zinazozunguka mnara wa jicho, mkunjo wa kona ya mdomo, ngozi inayoning'inia kidevuni. Hapo nikasimama. Si kwamba kompyuta ilichoka. Vipande 30,000 si kitu kwa mashine ya leo. Nilisimama kwa sababu maswali makubwa yalikuwa yameisha, na kuendelea kwa vokseli kungenigharimu vitu viwili.

Cha kwanza ni upofu wa vokseli. Zinagawa undani sawa kila mahali, kidevu na ndani ya koo kwa kipimo kimoja, na kila unapofuma upya zinapiga pasi undani uliokwisha kuuchonga. Gamba la upana wa 0.02 linahitaji vipande vinne au vitano kwa upana ili lionekane duara na si pembe. Hiyo inamaanisha vokseli ya 0.005 au 0.004 kwa kichwa kizima, vipande kati ya laki nane na zaidi ya milioni moja. Hilo linawezekana. Lakini ukigundua siku hiyo kwamba taya ni fupi, itakubidi usogeze vipande milioni moja kwa mkono, na brashi pana juu ya wavu mzito hivyo inaacha mabonge kila ipitapo.

Cha pili ndicho kikubwa: vokseli hazina kumbukumbu. Kila ukifuma, cha jana kimefutwa. Huwezi kurudi kwenye kichwa cha vipande 2,000, ukarefusha taya, kisha ukapanda tena na kukuta magamba yako yanakungoja. Ngazi za Multiresolution zinaweza.

Multiresolution inahifadhi wavu mdogo wa chini kama ulivyo, kisha inaujengea ngazi juu yake. Kila ukibonyeza Subdivide, kila kipande kinagawanywa kuwa vinne. Chochote unachochonga kwenye ngazi ya juu hakihifadhiwi kama umbo kamili bali kama umbali: nukta hii imeinuka kiasi gani, na kuelekea wapi, ukilinganisha na ngozi laini iliyo chini yake. Ni kama nakshi kwenye kofia ya vito: kofia ukiibonyeza au kuitanua, nakshi zinakwenda nayo, hakuna anayezishona upya. Shuka ngazi ya kwanza, refusha taya kwa Grab, panda ngazi ya nne, na magamba yamehama pamoja na taya.

Lakini nakshi inahitaji kitambaa kizuri, na wavu uliotoka kwenye vokseli si kitambaa kizuri. Vipande vyake vimejipanga kwa kufuata vijisanduku, havijui kwamba hapa kuna jicho na pale mdomo. Blender yenyewe inakulinda kwa upande mmoja: ukishaweka Multiresolution, Ctrl R inakataa kufanya kazi. Kuvuka daraja hili ni kwa njia moja, kwa hiyo kabla ya kuvuka nakili kichwa chote kwa Shift D na uifiche nakala.

Mtu anayetaka zimwi wake aongee na kufumba macho itabidi ajenge wavu mpya kwa mkono, mstari kwa mstari, pete zikizunguka macho na mdomo. Hakuna njia ya mkato hapo. Kwa zimwi wa kutazamwa tu, aliyetulia, QuadriFlow inatosha. Iko kwenye kidirisha cha Remesh, upande wa chaguo la Quad. Niliiomba vipande 6,000, nikaiambia ifuate ulinganifu, na ikarudisha wavu wenye mistari inayofuata mzingo wa umbo, ingawa nambari haikuwa 6,000 kamili. Kichwa kikapoteza sehemu ya makunjo, kama ilivyotarajiwa.

Kuyarudisha ni hivi. Kwenye wavu mpya weka Multiresolution, bonyeza Subdivide mara mbili. Chini yake weka Shrinkwrap, ukiielekeza kwenye ile nakala iliyofichwa. Ngozi mpya inashuka na kugandamana na ya zamani. Bonyeza Apply kwenye Shrinkwrap peke yake, na undani unaandikwa ndani ya ngazi. Kagua midomo kwa karibu, kwa sababu nukta za mdomo wa juu hupenda kurukia wa chini palipo karibu. Zikiruka, utaona vijiti vya ngozi vinavyovuka katikati, na unavilainisha kwa Shift.

Sasa swali la lini linarudi kwa sura nyingine, na safari hii linaweza kujibiwa kwa kipimo. Ngozi ya kichwa chetu ina eneo la kama mita za mraba 14. Kwenye wavu wa chini wenye vipande 6,000, kila kipande kina upana wa karibu 0.048. Ngazi ya kwanza ni vipande 24,000 na upana wa 0.024. Ya pili ni 96,000, upana 0.012. Ya tatu 384,000, upana 0.006. Ya nne 1,536,000, upana 0.003. Kila ngazi inagawa upana kwa mbili. Ukikumbuka kwamba umbo linahitaji vipande vinne au vitano ili lisimame, basi umbo lenyewe linakuambia ngazi yake. Mkunjo wa upana wa 0.06 ni wa ngazi ya pili. Chembe kubwa za shavuni, za upana wa 0.03, ni za ngazi ya tatu. Magamba madogo ya 0.02 yanaweza kuanzia ngazi ya tatu, lakini yatatoka na kona. Nyumbani kwake ni ngazi ya nne.

Kutokana na hesabu hiyo nina desturi ambayo siivunji: kila umbo lichongwe kwenye ngazi ya chini kabisa inayoweza kulishika. Mkunjo wa ngazi ya pili ukichongwa kwenye ngazi ya nne, utaonekana, lakini utakuwa umejaa mawimbi madogo ya mkono, kwa kuwa brashi imesukuma maelfu ya vipande pale ambapo mamia yangetosha. Ngozi inaonekana kama imepondwa. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia kulainisha papo hapo kwenye ngazi ya nne, na kinachofutika ni magamba, ilhali bonge lililo chini linabaki. Bonge ni la ngazi ya pili. Shuka huko, lilainishe kwa kupitisha mara moja au mbili, panda tena, na magamba yapo yamelala juu ya uso uliotulia.

Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha alinionyesha kichwa chake kikiwa ngazi ya nne, kimejaa magamba ya kupendeza mno. Nikamwomba akizungushe kwa upande. Mnara wa jicho ulikuwa umerudi nyuma mno, karibu na sikio lingekuwepo kama angekuwa binadamu.

"Mwalimu, nikisogeza sasa si nitaharibu kila kitu?" aliniuliza.

"Uko ngazi ya ngapi?"

"Ya nne."

"Shuka ya kwanza, mwanangu. Kisha ushike jicho zima."

Alishuka, akalivuta mbele kwa brashi pana, akapanda. Magamba ya kwenye mnara yalikuwa salama. Yale ya nyuma ya jicho, kwenye ngozi iliyonyooka kufuata mvuto, yalikuwa yamerefuka kama mbegu za tikiti, na ilibidi ayafute sehemu hiyo na kuyachonga upya. Kwa kufuta sehemu ndogo kuna brashi ya Multires Displacement Eraser, inayoirudisha ngozi kwenye hali laini ya wavu wa chini bila kugusa sehemu nyingine. Ngazi zinavumilia marekebisho ya kiasi. Ukivuta mbali sana, ule umbali uliohifadhiwa unaanza kuelekea pembeni badala ya nje, na magamba yanalala au yanatoa miiba. Ndiyo maana kivuli cheusi kinatangulia. Ngazi hazikuletwa ili mtu asiamue.

Miiba hiyo inaweza kutokea pia kwa sababu nyingine, nayo ni mbaya zaidi. Ukiwa na Multiresolution, usiingie Edit Mode na kuongeza au kufuta vipande vya wavu wa chini. Umbali wote umehesabiwa kwa vipande vile vilivyokuwepo, na ukivibadilisha hauna tena pa kushika. Kichwa kinalipuka, na Ctrl Z ndiyo njia pekee ya kurudi. Na kitufe cha Delete Higher kisiguswe kwa kubahatisha: kinafuta ngazi zote zilizo juu ya ile uliyosimama.

Tukirudi kwa zimwi wetu, ngazi ya pili nilikaa nayo muda mrefu kuliko zote. Hapo ndipo pete za jicho zilipopata unene tofauti, nene kwenye shina la mnara na nyembamba kuelekea tundu. Hapo ndipo nilipofunga mdomo ule niliouacha wazi, bila hofu ya kugandana, maana hakuna kufuma tena. Shina la kila pembe likapata mkunjo wa kulifunika. Kabla ya kupanda, nilirudia maswali yale mawili, nikiwa na kivuli cheusi mbele yangu.

Ngazi ya tatu ilikuwa ya chembe kubwa: safu moja juu ya ukingo wa kisogo, nyingine chini ya taya, na chache zilizotawanyika shavuni. Kinyonga halisi hana magamba ya ukubwa mmoja, na hayajapangwa kama vigae. Makubwa yanakaa palipo na mfupa karibu, madogo yanajaza palipo na ngozi laini inayokunjika. Mtu akitandaza picha ya magamba kichwa kizima kwa ukubwa mmoja, ngazi ya nne itajaa na jicho la mtazamaji halitapata pa kupumzika. Mimi niliiacha theluthi ya shavu ikiwa karibu tupu, na ndiyo inayofanya chembe za jirani zionekane.

Ngazi ya nne nilitumia kwa magamba madogo kuzunguka jicho na mdomo tu, na kuzipa chembe kubwa mipasuko. Hapo kompyuta ya kumbukumbu ya gigabaiti 8 inaanza kusitasita kwenye brashi pana, jambo ambalo si la kuhuzunisha, kwa sababu kwenye ngazi hii brashi pana haina kazi yoyote.

Ngazi ya tano ingekuwa vipande zaidi ya milioni 6. Kama kuipanda au kutoipanda kunategemea kamera itasimama wapi. Kama picha ya mwisho ni kichwa kizima kwenye fremu ya urefu wa pikseli 1,080, na kichwa chenyewe kina urefu wa mita 2 hivi, basi kila pikseli inabeba karibu 0.002 ya ngozi. Kipande cha ngazi ya nne, 0.003, tayari kiko karibu na ukubwa wa pikseli moja. Vinyweleo vya ngazi ya tano havitaonekana hata mtu akikodoa macho. Picha ya jicho peke yake, likijaza fremu, ni habari nyingine. Hapo napanda, nachonga eneo lile tu, na upande wa kisogo nauacha ulivyo.